Kujitengenezea balansi ndogo ya fromaji

Bule ya fromaji ya Masisi inauzishwa kwa kilo. Kama balansi inakula gramu 30 kwa kila bule, bule 40 zikishuka Goma mumepoteza kilo 1 na gramu 200. Njo maana inafaa koperative iwe na balansi yake ya kuhakikisha.

Moyo wa balansi ni fimbo ya aliminyumu ya kilo 5. Juu yake kumebandikwa vipande vine vya utepe mwembamba wa chuma. Uzito unapokunja fimbo, hata kama jicho halioni, utepe unavutika na umeme unapita tofauti kidogo. Tofauti ile ni ndogo sana, kwa hiyo kunafaa kadi ya HX711 ya kuikuza na kuigeuza kuwa namba ambayo Arduino inaweza kusoma.

Fimbo inafungwa upande mumoja tu kwenye ubao wa chini. Sahani inafungwa upande wa pili, na mushale uliochorwa kwenye fimbo uangalie chini. Muweke rondele ili katikati ya fimbo isiguse kitu.

Kisha muombe mawe ya kilo ya kweli kwa mutu mwenye mizani iliyokaguliwa. Sisi, sahani tupu ilitoa 84200. Kwa kilo 2 ikatoa 926200. Tofauti ni 842000. Tukigawanya kwa gramu 2000 tunapata 421. Hiyo njo namba ya balansi yetu. Yenu itakuwa ingine.

```
scale.set_scale(421);
scale.tare();
Serial.println(scale.get_units(10));
```

Musiishie pale. Tuliweka kilo 1, ikasoma gramu 1000, tukafurahi. Tuliweka kilo 3, ikasoma 2980! Wa kwanza wetu alitaka kubadilisha namba 421. Hapana: kama namba ingekuwa mbaya, hata kilo 1 ingekosea. Kosa likianza kwenye uzito mukubwa tu, kuna kitu kinachosaidia fimbo kubeba. Tulipitisha karatasi chini ya sahani, ikakwama: kichwa cha vis kilikuwa kinagusa ubao. Tuliongeza rondele moja, kosa likaisha. Mujaribu pia jiwe lile lile kwenye pembe zote nne za sahani.

Baridi ya asubuhi ya Masisi inasogeza sifuri. Muwashe balansi dakika 15 mbele ya kupima, na murudishe sifuri kila mara sahani ikiwa tupu. Walikale shida ni unyevu: namba zikitembea zenyewe bila uzito, mukaushe kadi na muangalie soda za nyuzi. Na kama mutu ameweka kilo 10 na sifuri inakataa kurudi mahali pake, fimbo imekunjika kabisa, mununue ingine.

Balansi hii haina muhuri wa ukaguzi. Inawasaidia kujua uzito wenu mbele ya kufika kwa munuzi, lakini bei inafanyika kwenye mizani iliyokaguliwa.