Mzio wa Mgusano: Kwa Nini Malengelenge Hufuata Maua ya Piko

Mzio wa mgusano ni uvimbe wa ngozi unaotokea pale tu palipoguswa na kitu ambacho mwili umekwisha kujifunza kukikataa. Soma tukio lifuatalo, kisha ujibu maswali.

Mwezi Desemba, Zuhura alichorwa maua ya piko mkononi kwa ajili ya harusi, na hakupata tatizo lolote. Mwezi Aprili alichorwa tena piko mkononi na hina nyekundu kwenye viganja. Siku ya pili mkono ulianza kuwasha, kisha yakatokea malengelenge yenye kuvuja maji, yakifuata kila jani na ua lililochorwa. Viganja vilibaki salama.

(a) Kwa nini hakudhurika mara ya kwanza? (alama 3)

Piko mara nyingi hutengenezwa kwa dawa ya kutia nywele rangi nyeusi, yenye kemikali iitwayo parafenilinidiamini. Molekuli zake ni ndogo, hivyo hupenya ngozi na kujishika kwenye protini za mwili. Seli za ulinzi zilizomo ndani ya ngozi huzichukua na kuzipeleka kwenye tezi za limfu. Huko, seli nyeupe za damu ziitwazo seli T huzitambua kama kitu kigeni, huongezeka, na baadhi hubaki kama seli za kumbukumbu. Kazi hii huchukua siku kumi hivi au zaidi. Wakati huo rangi huwa imeanza kufifia.

(b) Kwa nini malengelenge yalifuata mchoro, tena baada ya siku mbili? (alama 3)

Seli T za kumbukumbu zilikusanyika mahali palipokuwa na kemikali tu. Zilitoa viashiria vya kemikali vilivyopanua kapilari, na majimaji ya damu yakavujia kwenye ngozi. Seli husafiri na kukusanyika polepole, ndiyo maana dalili huchukua siku moja hadi tatu. Maji hayo hayamwambukizi mtu mwingine.

(c) Kwa nini viganja havikudhurika? (alama 1)

Hina nyekundu halisi hutokana na majani ya mhina. Haina kemikali ile, na ni nadra kuleta mzio.

Zingatia: Watahiniwa wengi huandika kwamba kingamwili ndizo zilizosababisha malengelenge. Hapo hupoteza alama. Mzio unaoongozwa na kingamwili, kama ule wa kuumwa na nyuki, huanza ndani ya dakika chache. Huu huongozwa na seli T. Hereni zenye nikeli huleta mzio kwa njia hiyohiyo, na upele hukaa kwenye ndewe ya sikio.

(d) Mwaka mmodi baadaye Zuhura anataka kutia nywele zake rangi nyeusi. Mshauri. (alama 2)

Asitumie dawa yenye kemikali hiyo. Seli za kumbukumbu hudumu kwa miaka mingi, hata maisha yote. Kichwa, masikio na kope vinaweza kuvimba vibaya kuliko mkono ulivyovimba.