Tangazo la Sindano ya Mwaka na Nusu

Gari la matangazo linapopita mtaani wakati wa kampeni ya chanjo, maneno yake mara nyingi ni yale yale: wazazi na walezi wote wanahimizwa kuwapeleka watoto wao kupata chanjo kwa afya bora na ustawi wa taifa. Mama anayefua uani anasikia na anaendelea kufua. Si mkaidi. Mtoto wake ameshachomwa sindano zote anazozijua yeye, ya mwisho akiwa na miezi 9, na tangu siku hiyo kadi ya kliniki imelala kabatini. Tangazo halikumwambia kwamba kuna sindano iliyobaki.

Sindano hiyo ni dozi ya pili ya surua na rubela. Tanzania na Kenya hutoa ya kwanza mtoto akiwa na miezi 9 na ya pili akifikisha miezi 18. Hapa katikati ndipo watoto wengi hupotea, kwa sababu mahudhurio ya kila mara yamekwisha, mtoto anatembea, ananenepa, na mama amerudi kwenye shughuli zake. Anayeandika ujumbe wa chanjo na amfikirie mama huyu kwanza, si yule anayehudhuria kliniki bila kukumbushwa.

Kwa nini sindano ile ile ichomwe mara mbili? Mama yeyote ana haki ya kuuliza hivyo, na jibu halihitaji daktari bingwa. Mtoto huzaliwa na kinga aliyoachiwa na mama yake tumboni. Katika miezi 9 kinga hiyo inakuwa imepungua sana, lakini kwa baadhi ya watoto mabaki yake bado yapo na huizuia chanjo kufanya kazi. Ndiyo maana katika watoto 100 wanaochomwa umri huo, 85 hivi hupata kinga na 15 hubaki wazi, na kwa kumtazama mtoto huwezi kujua yeye ni wa kundi gani. Dozi ya pili huwapa kinga wengi wa hao waliobaki.

Tuchukue kijiji kinachozaa watoto 100 kwa mwaka, ambapo 90 wanapata dozi ya kwanza na hakuna anayerudi kwa ya pili. Katika hao 90, chanjo itawashika 76 hivi. Kumi na wanne walichomwa bila kupata kinga, na 10 hawakuchomwa kabisa, kwa hiyo 24 wako wazi. Mwaka wa pili wanaongezeka wengine 24, na ukifika mwaka wa nne kijiji kina karibu watoto 100 wanaoweza kuugua, ingawa daftari la zahanati linasomeka vizuri. Surua haihitaji zaidi ya hapo. Virusi vyake huelea hewani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kutoka chumbani, na mtoto huanza kuambukiza siku nne kabla ya vipele kuonekana, wakati bado mnadhani ana mafua.

Haya yote hayawezi kuingia kwenye kipaza sauti. Mwandishi achague lile linalomfanya mama anyanyuke, na aliseme kwa sauti ya jirani:

"Mama, baba, kama mtoto wako amefikisha mwaka na nusu, amebakiza sindano moja, ya pili ya surua na rubela. Ile ya miezi 9 huwa haiwashiki watoto wote. Katika 100, kama 15 hubaki bila kinga. Hii ya pili ni kwa ajili yao. Inatolewa zahanati yetu Jumanne na Alhamisi, saa 2 asubuhi hadi saa 6 mchana. Hailipiwi. Njoo na kadi, na kama imepotea njoo hivyo hivyo. Wiki moja hivi baada ya sindano, watoto wachache hupata homa ya siku moja au mbili. Ikizidi au mtoto akipata degedege, mrudishe mara moja."

Wapo watakaotaka sentensi ya homa iondolewe, wakisema inawatisha wazazi. Mimi naona ndiyo inayobeba tangazo zima. Sindano za miezi ya mwanzo, ile ya pepopunda na kifaduro, zikileta homa huileta usiku ule ule, na akina mama wameshazoea. Ya surua huchelewa. Homa yake huja kati ya siku ya 7 na ya 12, kwa watoto 5 hadi 15 katika kila 100, na wengine hutoka vipele vyepesi. Mama asiyeambiwa mapema anaona mtoto aliyekuwa mzima wiki nzima anachemka ghafla. Atalieleza jambo hilo kisimani na sokoni kwa namna anavyolielewa yeye, na wenzake watamwamini kwa sababu mtoto wamemwona kwa macho yao. Aliyeambiwa atasema, nesi alinieleza.

Siku na saa nazo zinahitaji uangalifu. Chanjo ya surua huja kama unga ndani ya kichupa cha dozi kadhaa, mara nyingi 5 au 10. Ikishachanganywa na maji yake, hutumika ndani ya saa sita na kinachobaki hutupwa. Shirika la Afya Duniani linashauri kichupa kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, lakini mhudumu anayeogopa kumwaga dozi humwambia mama arudi siku watakapotimia wengi. Mama aliyelipa nauli na kuambiwa arudi kesho, tangazo la pili halimtoi nyumbani. Kwa hiyo kabla ya kuandika "Jumanne na Alhamisi", mwandishi aende zahanati akahakikishe kwamba siku hizo kichupa kitafunguliwa, hata akija mmoja.

Nani alisome? Jimbo la Kano, kaskazini mwa Nigeria, lilisimamisha chanjo ya polio mwaka 2003 kwa uvumi kwamba inafunga uzazi. Uvumi huo ulikuta kidonda. Mwaka 1996 kampuni kubwa ya dawa ya Marekani ilijaribu dawa kwa watoto wa Kano waliougua homa ya uti wa mgongo, na familia zikalalamika kwamba hazikuelezwa kuwa ni majaribio. Takwimu za wataalamu hazikutosha. Kazi ilirudi mwaka 2004 baada ya viongozi wa dini na wa jadi kushirikishwa katika kuipima chanjo, na nyingine kuletwa kutoka Indonesia, nchi ya Waislamu wenzao. Kwetu pia, imamu, mchungaji, mwenyekiti wa mtaa au bibi mkunga asikabidhiwe karatasi ya kusoma tu. Akae kwanza na muuguzi, aulize yanayomtatiza, mpaka aweze kujibu bila karatasi.

Kisha tangazo lijaribiwe. Wasomee akina mama watatu au wanne, halafu mwombe kila mmoja amweleze jirani yake alichosikia. Usiwaulize kama wameelewa, maana kwa adabu watasema ndiyo. Katika kusimulia ndipo pengo huonekana. Tangazo la hapo juu lina pengo moja ambalo mama mwenye mtoto wa miaka miwili angelifichua mara moja: kwa kusikia "mwaka na nusu" angejua amechelewa, angeogopa kufokewa mbele ya watu, na angebaki nyumbani. Mtoto huyo bado anachomwa. Kwa hiyo iongezwe sentensi moja kabla ya ile ya kadi: "Hata kama umri huo umepita, mlete, hutagombezwa." Na muuguzi wa zamu aisikie kabla haijatangazwa.