Malipo Nusu, Risiti Kamili

Fundi seremala amemuuzia mteja meza na viti sita kwa ankara namba 48 ya shilingi 900,000. Jioni mteja anamtumia picha ya ujumbe wa muamala: shilingi 500,000 zimetumwa kwa simu.

Picha hiyo haitoshi, kwa sababu ujumbe huweza kughushiwa. Fundi aangalie salio na taarifa ya miamala kwenye akaunti yake mwenyewe, alinganishe kiasi, tarehe, jina la mtumaji na namba ya muamala. Akishaona fedha zimeingia, ndipo amjibu mteja kwamba amezipokea.

Risiti iandikwe shilingi 500,000, yaani kiasi kilichopokelewa, wala si 900,000. Iwe na namba yake, tarehe ya malipo, njia ya malipo na namba ya muamala. Chini yake iandikwe: “Malipo ya sehemu, ankara namba 48. Jumla 900,000, yamelipwa 500,000, salio 400,000.” Ankara yenyewe isifutwe wala kubadilishwa. Makato ya kutoa fedha kwa wakala ni gharama ya fundi, hayapunguzi kiasi cha risiti.

Mteja akimalizia, itolewe risiti ya pili ya 400,000 yenye salio sifuri. Risiti zote mbili zikijumlishwa zinapaswa kufika 900,000. Zikizidi, huenda ile ya mwisho iliandikwa jumla nzima badala ya kilicholipwa siku hiyo.