Kufundisha Taarifa ya Kuchelewa Safarini

Katika somo la Kiswahili la madarasa ya kati, mazungumzo ya simu hufundishwa kwa salamu na habari njema. Habari ya kuchelewa huachwa, nayo ndiyo ngumu, kwa kuwa mtoto hana budi kufanya hesabu kabla ya kusema. Hapa tunaeleza jinsi tunavyoifundisha kwa mfano mmoja wa safari ya kutoka Shinyanga kwenda Geita.

Mwalimu achore njia ubaoni: Shinyanga, Misungwi, Usagara, daraja la Kigongo–Busisi, Sengerema, Geita. Zamani penye daraja palikuwa na kivuko, na msafiri hakuweza kutaja saa ya kufika bila kujua urefu wa foleni ya magari. Tangu daraja lilipofunguliwa mwezi Juni 2025, ziwa huvukwa kwa dakika chache. Kwa hiyo mifano ya zamani ya kungoja kivuko haifai tena, ila kwa somo la historia.

Sasa mwalimu atoe kisa. Mtoto amepatana na shangazi yake kuwa atafika stendi ya Geita saa nane mchana. Saa sita kamili basi limepata pancha Misungwi, na gurudumu la akiba nalo halina upepo. Kondakta anasema matengenezo yatachukua muda wa saa moja, na kutoka hapo hadi Geita ni mwendo wa saa mbili hivi. Mtoto amwambie nini shangazi?

Wengi watajibu, "Tumechelewa kidogo, tuko njiani." Mwalimu asikemee. Amweke mwanafunzi mwingine mahali pa shangazi, amwulize: utaondoka nyumbani saa ngapi kwenda kumpokea? Hatakuwa na jibu, na darasa lote litaona kasoro ya taarifa ile. Wapo pia watakaoongeza saa moja juu ya saa nane, wapate saa tisa. Mara hii jibu limekuwa sahihi kwa bahati tu, kwani huenda basi lilikuwa limekwisha kuchelewa kabla ya pancha. Hesabu ianzie mahali gari lilipo: tukiondoka saa saba, na mwendo ukiwa wa saa mbili, tutafika saa tisa. Kisha iongezwe nusu saa, maana fundi huahidi upesi kuliko anavyotenda, na basi husimama kupakia abiria. Taarifa itakuwa hivi:

"Shikamoo shangazi. Gari limepata pancha hapa Misungwi, sote tu wazima. Sitafika saa nane kama tulivyopatana. Tukiondoka saa saba, natarajia kufika stendi kati ya saa tisa na saa tisa na nusu alasiri. Tafadhali msinisubiri kula. Nitakuarifu tukiondoka."

Tuyatazame maneno yenyewe. "Sote tu wazima" linatangulia saa, kwa kuwa mwenyeji akisikia gari limeharibika hatasikia jingine mpaka atulie. "Sitafika saa nane" linaivunja ahadi ya kwanza waziwazi, asije akaenda stendi bure. Kiambishi -ki- katika "tukiondoka" kinamwonyesha kwamba makadirio yanategemea jambo ambalo bado halijatokea. Mwalimu wa sarufi hatapata mfano bora kuliko huu. "Msinisubiri kula" linawafungua wenyeji, ambao kwa desturi yetu wangekaa na njaa wakimngoja mgeni.

Ahadi ya kuarifu nayo ina kazi. Mwalimu aendeleze kisa: saa saba imetimia na fundi hajamaliza. Mtoto asingoje mpaka saa tisa ndipo aseme. Makadirio yamekufa mara tu saa ya kuondoka ilipopita, na taarifa mpya itumwe pale pale.

Mwisho, mwalimu alifanye zoezi liwe gumu. Basi limeondoka Misungwi saa kumi na moja jioni. Mwendo wa saa mbili utamfikisha mtoto saa moja usiku. Akiandika tu "nitafika saa moja", shangazi aweza kudhani ni baada ya muda wa saa moja, aende stendi mapema mno; na simu yake ikionyesha 19:00, huenda wadogo wakasoma saa kumi na tisa. Basi waandike "saa moja usiku", au "baada ya muda wa saa mbili kutoka sasa". Tena, kwa kuwa giza litakuwa linaingia, saa peke yake haitoshi. Wanafunzi waongeze sentensi moja ya kumwuliza shangazi ni nani atakayekuja stendi, na wamngojee upande gani.