Hesabu ya Chumba cha Kusomea

Nangara ni kata mojawapo ya mji wa Babati, ambao ni makao makuu ya Mkoa wa Manyara, mkoa uliotengwa na Arusha mwaka 2002. Fikiri kwamba wazee wa mtaa mmoja wa Nangara wamekusudia kufungua chumba cha kusomea, mahali ambapo watoto watokao shuleni na watu wazima waweza kuja kusoma na kuazima vitabu. Chumba chenyewe wamepewa bila kodi, na mfadhili mmoja ameahidi shilingi 8,000,000. Katika kikao cha kwanza wengi husema, “Basi, fedha zote na zinunue vitabu!” Lakini mzee mmoja aliyepata kuwa karani wa chama cha ushirika auliza, “Na mwaka wa pili je, ni nani atakayefungua mlango?” Swali hilo ndilo mwanzo wa makisio, yaani hesabu ya fedha zitakazoingia na zitakazotoka.

Jambo la kwanza katika makisio ni kuzitenga gharama mafungu mawili. Fungu la kwanza ni gharama za mara moja, kama kabati na vitabu vya kuanzia. Fungu la pili ni gharama za kila mwaka, kama mshahara na taa, ambazo hazina mwisho maadamu mlango u wazi. Mtu achanganyaye mafungu hayo huona fedha nyingi siku ya kwanza, akazitumia zote, kisha akashangaa mwezi wa pili. Bei zitakazotajwa hapa ni za mfano tu, maana bei hubadilika. Lakini njia ya kuhesabu haibadiliki.

Na tuanze na vitabu. Wazee wakusudia kununua vitabu 300, na kila kimoja, pamoja na nauli ya kukileta kutoka Arusha au Dar es Salaam, chakisiwa kuwa shilingi 10,000. Jumla ni shilingi 3,000,000. Si lazima viwe vitabu 300 mbalimbali. Kitabu cha hadithi kipendwacho na watoto chafaa kununuliwa nakala tatu au nne, kwa kuwa nakala moja ikiazimwa, watoto wengine kumi hurudi mikono mitupu. Bali kamusi nene moja yatosha, isomwe palepale chumbani wala isitoke nje.

Kisha fundi seremala huuliza atengeneze kabati ngapi. Jibu hupatikana kwa kipimo. Vitabu vya watoto, vikichanganywa vyembamba na vinene, unene wake ni kama sentimita moja na nusu kila kimoja. Ubao wa rafu usizidi sentimita 90 kwa urefu, kwa sababu ubao mrefu kuliko huo hupinda katikati kwa uzito wa vitabu. Ubao wa sentimita 90 waweza kubeba vitabu 60 vilivyosongamana. Lakini rafu haipasi kujazwa. Kitabu kilichobanwa huvutwa kwa kichwa cha mgongo wake, na hapo ndipo jalada linapong'oka. Basi robo ya kila rafu iachwe wazi, na vitabu vyake viwe 45. Gawa 300 kwa 45, utaona ya kuwa rafu saba zatakiwa. Kabati mbili zenye rafu tano kila moja zatoa rafu kumi, na nafasi ya vitabu 150 vya miaka ijayo hubaki. Kila kabati yakisiwa shilingi 250,000, na mbili ni 500,000. Kabati isigusane na ukuta, ili mchwa wakipanda waonekane mapema, na unyevu wa masika usiingie katika kurasa.

Meza na mabenchi ni shilingi 600,000. Karatasi za kufunikia majalada, mhuri wa chumba, na daftari za kuandikia vitabu na waazimaji ni 150,000. Ukijumlisha gharama zote za mara moja utapata shilingi 4,250,000. Katika zile 8,000,000 za mfadhili zabaki 3,750,000, na hapo kikao chote hufurahi. Lakini furaha hiyo ni ya mapema.

Sasa yafuata gharama za kila mwaka. Iliyo kubwa kuliko zote ni ya mtunza vitabu. Yeye hafanyi kazi mchana kutwa. Hufungua saa 9 alasiri na kufunga saa 12 jioni, Jumatatu hata Ijumaa, na Jumamosi saa 3 asubuhi hata saa 8 mchana. Hizo ni saa 20 kwa juma. Makisio mengi hukoma hapo, nayo hukosea. Vitabu vyapasa kurudishwa mahali pake, vilivyoraruka vigundishwe, na waliokawia kurudisha wafuatwe. Kazi hiyo haifanyiki vema huku watoto 40 wamesimama mbele ya meza. Ziongezwe saa nne, ziwe 24. Akilipwa shilingi 2,000 kwa saa, juma moja ni 48,000, na majuma 50 ya mwaka ni 2,400,000. Tena mwajiri hupeleka mchango wake kwa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii. Ukihesabiwa kuwa sehemu moja katika kumi ya mshahara, mchango huo ni 240,000. Mtunza vitabu peke yake, basi, ni shilingi 2,640,000.

Gharama ya pili husahauliwa na wengi, nayo ni ya kufidia vitabu. Kitabu kinachosomwa hufa, kama vile jembe linalolimia huisha. Ikiwa kitabu kimoja katika kumi huraruka au kupotea kila mwaka, vitabu 30 vyatakiwa ili hesabu ibaki 300 ileile, na gharama yake ni shilingi 300,000. Wasomaji hutaka na vitabu vipya pia. Vitabu 20 ni 200,000. Gundi, uzi na karatasi za kutengenezea ni 60,000. Umeme, dawa ya mchwa, rangi na matengenezo ya paa na kufuli ni 360,000. Akiba ya jambo lisilotazamiwa ni 140,000. Jumla ya mwaka ni shilingi 3,700,000.

Tazama sasa upande wa mapato. Wazee watumaini kupata wanachama 200 watoto, kila mmoja alipe shilingi 2,000 kwa mwaka, na watu wazima 50 walipe 10,000 kila mmoja. Kwa karatasi, hiyo ni 400,000 na 500,000, jumla 900,000. Lakini jina lililoandikwa daftarini si fedha iliyomo kisandukuni. Wengine huhama, wengine huahidi kulipa baada ya mavuno, na mavuno yakawa haba. Mwenye busara huhesabu robo tatu tu, yaani shilingi 675,000. Ukitoa hiyo katika 3,700,000, upungufu ni 3,025,000 kila mwaka. Zile 3,750,000 zilizobaki zitaziba pengo hilo kwa muda wa mwaka mmoja na miezi mitatu hivi, wala si zaidi.

Mtu mmoja atasema, “Na tuongeze ada.” Na ajaribu kuhesabu. Ili ada peke yake itoshe, wanachama 250 wangepaswa kulipa shilingi 14,800 kila mmoja, na wote walipe bila kukosa. Mzazi mwenye watoto wanne shuleni hatatoa fedha hiyo, atawaondoa. Wakiondoka nusu, waliobaki watatakiwa kulipa 29,600, nao pia wataondoka. Hivyo ada ikipandishwa mno huwafukuza walewale ambao chumba kilifunguliwa kwa ajili yao. Ada ina kazi yake: humfanya mwanachama akione kitabu kuwa chake na kukirudisha, na hununua vitabu vya fidia. Kulipa mshahara haiwezi.

Mwingine atasema, “Na tumwondoe mtunza vitabu, watoto wajitwalie wenyewe.” Njia hii huonekana kuokoa 2,640,000. Lakini pasipo mtu wa kuandika ni nani aliyeazima, vitabu havirudi. Vikipotea 90 kwa mwaka badala ya 30, mwaka wa tatu kabati zitakuwa na vitabu vichache vilivyochakaa, na vile ambavyo hakuna aliyevitaka.

Njia iliyo bora ni kupunguza saa, si kumwondoa mtu. Wakifungua siku nne tu, kwa saa tatu kila siku, na kubakiza zile saa nne za matengenezo, saa zitakuwa 16 kwa juma. Mshahara utakuwa 1,600,000 na mchango 160,000. Hapo waokoa 880,000, na gharama ya mwaka ni 2,820,000. Upungufu washuka kuwa 2,145,000, na akiba ya mfadhili yatosha kwa mwaka mmoja na miezi tisa. Huo ndio muda walio nao wazee wa kutafuta mtoaji wa kudumu: halmashauri ya mji, vyama vya ushirika, au wazazi kwa mchango uliokubaliwa na kuandikwa. Yafaa waanze kumtafuta mwezi wa kwanza, kwa sababu mwezi wa ishirini hakuna atakayewasikiliza haraka.

Hayo si ya Nangara peke yake. Tanganyika ilipotunga sheria ya huduma za maktaba mwaka 1963, iliweka bodi ya kuziendesha. Na tarehe 9 Desemba, 1967, Rais Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa mjini Dar es Salaam. Hata maktaba kubwa namna hiyo haiishi kwa ada ya wasomaji. Hutegemea pia fedha za serikali zitolewazo mwaka baada ya mwaka.

Tena makisio yapasa kuangaliwa kila mwezi, maana hatari ina dalili zake. Mtunza vitabu na aandike mistari mitatu: vitabu vilivyoazimwa, vitabu vilivyokawia, na ada iliyolipwa kweli. Vilivyoazimwa vikipungua huku wanachama ni walewale, watu wamemaliza kusoma vilivyopo, na fungu la vitabu vipya ni dogo mno. Vilivyokawia vikiongezeka, saa za kufuatilia hazitoshi. Ada ikishuka chini ya robo tatu, pengo limepanuka, na kikao kiitwe mwezi uleule. Na mara moja kwa mwaka vitabu vyote vihesabiwe kwa mkono, kimoja kimoja, vilinganishwe na daftari. Vikikosekana 30, makisio yalisema kweli. Vikikosekana 60, mwaka ujao shilingi 300,000 zaidi zatakiwa, na heri kujua hivyo mapema kuliko kujua siku mlango unapofungwa.