Kwa Nini Pedali Huwa Nzito Taa Ikiwaka

Ifakara ni mji wa baiskeli. Bonde la Kilombero ni tambarare, na mtu hupakia gunia la mpunga nyuma akaenda mwendo mrefu bila kushuka. Waliowahi kuendesha usiku kwa taa ya dinamo wanalijua jambo hili: ukiibana dinamo kwenye tairi, pedali huwa nzito. Sehemu ya uzito huo ni msuguano wa kawaida. Lakini chomoa waya wa taa, uiache dinamo iendelee kuzunguka, na miguu itapata nafuu. Rudisha waya, taa iwake, na uzito unarudi. Kilima cha kusingizia hakipo. Uzito huo wa ziada unaletwa na umeme wenyewe, na ndio unaoulizwa katika mitihani ya fizikia ya Kidato cha Nne na cha Sita kila mwanafunzi anapoambiwa aonyeshe mkondo unaelekea wapi.

Michael Faraday aligundua mwaka 1831 kwamba sumaku ikisogezwa karibu na koili, mkondo wa umeme huzaliwa ndani ya waya. Miaka mitatu baadaye Heinrich Lenz akaeleza mwelekeo wake: mkondo huo huelekea upande ambao utapinga badiliko lililouzaa. Neno la kushika hapo ni badiliko. Nimesahihisha majibu mengi ya wanafunzi, na kosa linalorudi kuliko yote ni kudhani kwamba mkondo unaipinga sumaku. Haupingi sumaku. Unapinga kuongezeka au kupungua kwa mistari ya sumaku inayopita ndani ya koili.

Chukua swali lililozoeleka. Sumaku inasukumwa kuelekea koili, ncha yake ya kaskazini ikitangulia. Mistari inayoingia ndani ya koili inaongezeka. Koili itapinga ongezeko hilo, kwa hiyo uso wake unaoitazama sumaku utageuka kuwa kaskazini, na kaskazini husukuma kaskazini. Ukiutazama uso huo ukiwa upande wa sumaku, mkondo utazunguka kinyume cha mishale ya saa. Uhakikishe kwa mkono wa kulia: kunja vidole vifuate mkondo, na kidole gumba kitaonyesha ncha ya kaskazini ya koili, yaani kitakuelekea wewe.

Sasa vuta sumaku ileile irudi ulikotoka nayo. Hapa ndipo wengi huanguka. Wanasema ncha bado ni kaskazini, basi jibu ni lilelile. Lakini sasa mistari inapungua, na koili inapinga kupungua. Uso wake unakuwa kusini ili uishike sumaku isiondoke, na mkondo unafuata mishale ya saa. Sumaku ikitulia ndani ya koili, hakuna badiliko, na sindano ya galvanomita inarudi kwenye sifuri hata kama sumaku ni kali namna gani. Sumaku na koili zikisogezwa pamoja kwa kasi moja, jibu ni sifuri vilevile.

Kwa nini maumbile yachague kupinga? Fikiria kinyume chake. Kama koili ingeivuta sumaku inayokuja, sumaku ingeongeza kasi, mkondo ungekua, mvuto ungezidi, na tungepata umeme na mwendo bila mtu yeyote kufanya kazi. Nishati haitoki patupu. Upinzani ule ndio mahali ambapo nguvu za miguu hugeuka kuwa mwanga wa taa, na hilo linaweza kuhesabiwa.

Chora fremu ya waya yenye umbo la mraba, kila upande ukiwa na urefu wa mita 0.2. Ipo kwenye uga wa sumaku wa tesla 0.5 unaoingia ndani ya karatasi. Unaivuta kwenda kulia kwa kasi ya mita 3 kwa sekunde, na upande wake wa kulia umeshatoka nje ya uga. Ukinzani wa waya wote ni omu 0.6.

Anza na mwelekeo. Mistari inayoingia karatasini kupitia fremu inapungua kadiri fremu inavyotoka. Mkondo utajaribu kuirudisha, kwa hiyo nao utatengeneza mistari inayoingia karatasini. Elekeza kidole gumba cha mkono wa kulia karatasini, na vidole vitazunguka kufuata mishale ya saa. Huo ndio mwelekeo wa mkondo.

Kisha ukubwa. Volteji ni 0.5 × 0.2 × 3, yaani volti 0.3. Gawa kwa omu 0.6, unapata ampea 0.5. Upande wa kushoto wa fremu bado umo ndani ya uga, na mkondo ndani yake unapanda juu. Kanuni ya mkono wa kushoto inasema waya huo unasukumwa kwenda kushoto, kinyume kabisa na unakovuta. Ukipata kwamba unasukumwa kwenda kulia, ujue umekosea mahali fulani. Mimi humwomba kila mwanafunzi afanye ukaguzi huu kabla ya kufunga swali, maana hauchukui hata nusu dakika.

Kani hiyo ni 0.5 × 0.5 × 0.2, yaani nyutoni 0.05. Mkono unaovuta unafanya kazi kwa kiwango cha 0.05 × 3, yaani wati 0.15. Waya unapata joto kwa kiwango cha 0.3 × 0.5, yaani wati 0.15. Kilichotolewa na mkono kimeingia chote kwenye waya.

Ukiacha kuvuta fremu na badala yake ukaizungusha ndani ya uga, unapata mkondo geu. Kwa nusu ya mzunguko mistari inayopita kwenye uso mmoja inaongezeka, kwa nusu nyingine inapungua, kwa hiyo mwelekeo unageuka. Mtego wa mtihani ni kuuliza volteji ni kubwa wakati gani. Fremu inapopitisha mistari mingi kuliko wakati wote, volteji ni sifuri, kwa sababu kwa kitambo hicho wingi haubadiliki. Volteji hufika kileleni wakati fremu iko sambamba na mistari. Umeme wa gridi yetu una hezi 50, kwa hiyo mkondo kwenye nyaya za Ifakara hugeuza mwelekeo mara 100 kila sekunde.

Kwenye ukingo wa milima ya Udzungwa unaolitazama bonde hili kuna kituo cha Kihansi, chenye mashine tatu za megawati 60 kila moja. Maji hushuka takriban mita 850, yakapiga vikombe vya gurudumu la turbini. Jioni watu wanapowasha taa na pasi, mkondo kwenye koili za jenereta huongezeka, na sumaku inayozunguka huvutwa nyuma zaidi, kama pedali za yule wa baiskeli. Mzunguko hupungua kidogo, hezi hushuka chini ya 50, na gavana wa mashine hufungua njia maji mengi zaidi yaingie.

Kila kilo ya maji inayoshuka mita 850 hutoa takriban jouli 8,340. Pasi ya wati 1,000 ikitumika saa moja, na umeme wake wote ukatoka Kihansi, itahitaji takriban lita 430 za maji hata kama mashine hazipotezi chochote. Hizo ni zaidi ya ndoo 21 za lita 20.