Mbatata ya Katlesi na Mbatata ya Saladi

Katika nyumba zetu nyingi za mwambao, mbatata huchemshwa sufuria moja, nusu ikapondwa kwa katlesi na nusu ikatiwa katika saladi. Matokeo twayajua: katlesi hupasuka kwenye mafuta, na saladi huwa uji. Huo ni upotevu wa neema, na sababu yake ni kupika kwa namna moja vitu vyenye kazi mbili.

Lisilobadilika ni kuanza na maji baridi. Mbatata ikitiwa katika maji yanayotokota, nje humomonyoka ilhali kiini kingali kigumu. Basi maji yazifunike kwa kina cha vidole viwili, tutie chumvi, na yakichemka tupunguze moto. Dakika huhesabiwa tangu hapo.

Tuchukue kilo moja ya Shangi, mbatata iliyoenea masokoni mwetu. Kwa katlesi, tuimenye na kuikata vipande sawa vya sentimita 4. Huchukua kama dakika 15. Imeiva pale ncha ya kisu inapopenya bila kizuizi na kipande kikateleza chenyewe. Tuchuje, kisha tuirudishe katika sufuria ile ile tupu, juu ya moto mdogo, tukiitikisa kwa dakika mbili hadi mvuke upungue na kingo ziwe nyeupe kama zilizopakwa unga. Wengi huiruka hatua hii, nayo ndiyo iokoayo katlesi, kwani maji yaliyosalia ndani hugeuka mvuke kwenye mafuta na kuipasua. Tuiponde ingali moto, kwa mwiko; mashine ya kusagia huifanya inate kama gundi.

Kwa saladi, vipande viwe vya sentimita 2, na kijiko kimoja cha siki katika maji husaidia kingo zisivunjike. Shangi huiva upesi, hivyo tuanze kuijaribu dakika ya 7. Tuiepue kisu kinapopenya lakini kikahisi ugumu kidogo katikati. Tuichuje papo hapo na kuitandaza katika sinia, kwa maana ikirundikwa hujipika kwa joto lake yenyewe. Ndimu na chumvi zitiwe ingali vuguvugu, zipate kuingia ndani. Mayonezi isubiri hadi ipoe kabisa, isije ikayeyuka.

Na mwenye jiko moja afanyeje? Akate zote sentimita 2, aache siki, kwani siki huzuia mbatata kulainika. Za saladi azitoe kwanza kwa kijiko cha matundu. Zilizobaki ziendelee dakika nne au tano zaidi, kisha azikaushe kama tulivyoeleza. Sufuria ni moja, lakini kila mbatata imepata haki yake.